Makochi ya kulipa kidogo kidogo: Bei yake halisi ni ipi?

Mteja anayeingia katika duka la samani jijini Dar es Salaam siku hizi hukutana na kibandiko chenye tarakimu mbili. Moja ni ya kianzio, nyingine ni ya rejesho la kila mwezi. Tarakimu ya tatu, ambayo ndiyo inayomhusu zaidi, yaani jumla ya fedha zitakazomtoka hadi siku makochi yatakapokuwa mali yake, mara nyingi haipo. Asiyeiuliza haambiwi, na anayeiuliza hujibiwa kwa hesabu nyingine kabisa.

"Mama, hii ni shilingi 3,500 tu kwa siku," ndivyo muuzaji anavyosema. Hadanganyi. Rejesho la Sh. 105,000 kwa mwezi likigawanywa kwa siku 30 ni Sh. 3,500. Kasoro ni kwamba hakuna anayenunua makochi kwa siku. Hununuliwa mara moja na kulipiwa kwa mwaka mzima, na katika mwaka huo bei huongezeka kwa njia nne ambazo mnunuzi wa kawaida huona moja tu.

Hoja ya ukurasa huu wiki hii si kwamba ununuzi wa awamu ni wizi. Ni biashara halali, na kwa baadhi ya wanunuzi ina maana. Hoja ni kwamba mnunuzi hulinganisha vitu visivyolingana. Huchukua bei ya kibandiko akailinganisha na jumla ya marejesho, wakati anayopaswa kuilinganisha ni bei ambayo angeipata kama angekuwa na fedha taslimu mkononi. Akikosea hapo mwanzo, hesabu yote inayofuata huwa na makosa.

HESABU YA MWALIMU

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Temeke anayetaka seti ya makochi. Bei zinazotumika hapa ni za mfano, lakini mpangilio wake ni ule ambao mnunuzi yeyote anaweza kukutana nao dukani.

Kibandiko kinasema Sh. 1,500,000. Masharti ya awamu ni kianzio cha asilimia 30, yaani Sh. 450,000. Baki ni Sh. 1,050,000. Juu ya baki hilo duka linaweka ongezeko la asilimia 20, yaani Sh. 210,000, na jumla ya deni inakuwa Sh. 1,260,000. Hiyo inagawanywa kwa miezi 12, na rejesho ni Sh. 105,000 kwa mwezi. Siku ya kusaini mkataba mwalimu analipa pia Sh. 20,000 za fomu na Sh. 40,000 za bima. Kila mwezi anapotuma rejesho kwa simu, anakatwa Sh. 1,500 za kutuma. Gharama ya kusafirisha makochi hadi nyumbani ni ileile kwa anayelipa taslimu na anayelipa kwa awamu, kwa hiyo haiingizwi katika ulinganisho huu.

Mwalimu akiulizwa anaongezewa kiasi gani, atajibu Sh. 210,000, na ataona kwamba asilimia 20 kwa mwaka si mbaya. Hata muuzaji anaweza kuamini hivyo.

Sasa zijumlishwe fedha zote zinazotoka mfukoni. Kianzio Sh. 450,000, fomu na bima Sh. 60,000, marejesho 12 Sh. 1,260,000, na makato ya kutuma mara 12 Sh. 18,000. Jumla ni Sh. 1,788,000.

Upande wa pili ni bei ya taslimu, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mwalimu anadhani bei ya taslimu ni Sh. 1,500,000 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa. Lakini kibandiko cha duka la samani si bei ya mwisho. Ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Mteja mwenye fedha zote mkononi, asiye na haraka, ambaye amekwishapita kwa mafundi wa Keko na kujua seti ya aina hiyo inauzwaje, hupunguziwa. Katika mfano huu anapunguziwa hadi Sh. 1,300,000. Mteja wa awamu hapunguziwi, kwa kuwa yeye anaomba masharti, na mwombaji hana nguvu ya kubishana.

Kwa hiyo tofauti halisi si Sh. 210,000. Ni Sh. 1,788,000 kutoa Sh. 1,300,000, yaani Sh. 488,000. Fungu hilo lina vipande vinne: Sh. 200,000 za punguzo alilolikosa, Sh. 210,000 za ongezeko lililotajwa, Sh. 60,000 za fomu na bima, na Sh. 18,000 za kutuma. Kipande alichokiona ni kimoja, na ni chini ya nusu ya gharama yote.

AMEKOPESHWA KIASI GANI?

Swali linalofuata ni gumu kidogo, lakini ndilo lenye faida. Mwalimu amekopeshwa shilingi ngapi?

Mkataba unasema Sh. 1,050,000. Hiyo si kweli. Makochi yale thamani yake sokoni kwa mtu mwenye fedha ni Sh. 1,300,000. Siku ya kwanza mwalimu ametoa Sh. 510,000, kwa kuwa fomu na bima zimelipwa siku hiyohiyo pamoja na kianzio. Kiasi alichopungukiwa ili ayapate makochi kwa taslimu ni Sh. 790,000 tu. Huo ndio mkopo. Na kwa mkopo huo wa Sh. 790,000 atarudisha Sh. 106,500 kila mwezi, yakiwemo makato ya kutuma, kwa miezi 12. Jumla atarudisha Sh. 1,278,000.

Kwa maneno mengine, kwa kila Sh. 100 alizokopeshwa anarudisha karibu Sh. 162. Na hata hapo hesabu haijaisha, kwa sababu hakukaa na hizo Sh. 790,000 mwaka mzima. Alianza kuzirudisha mwezi wa kwanza. Ikitafutwa riba ambayo ikitozwa kwenye baki la deni kila mwezi, deni hilo litamalizika kwa marejesho 12 ya Sh. 106,500, jibu ni kama asilimia 8.3 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni karibu asilimia 100, bila hata kuhesabu riba juu ya riba. Ile asilimia 20 ya muuzaji imekwenda kuwa 100.

Anayetilia shaka anaweza kuithibitisha hesabu hii kwa karatasi na kikokotoo cha simu. Achukue Sh. 790,000 azidishe kwa 0.083. Atapata Sh. 65,570, ambayo ni riba ya mwezi wa kwanza. Aitoe katika rejesho la Sh. 106,500, zitabaki Sh. 40,930, na hicho ndicho kiasi ambacho deni limepungua. Deni jipya ni Sh. 749,070. Arudie hivyo kwa mwezi wa pili na kuendelea. Mwisho wa mwezi wa 12 atafika karibu na sifuri. Jambo la kuangaliwa katika karatasi hiyo ni mstari wa kwanza. Katika rejesho la kwanza la mwalimu, zaidi ya nusu haikupunguza deni hata kidogo. Ilikwenda kulipia ruhusa ya kudaiwa.

Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Katika biashara hii gogo linalobanduliwa ni mshahara.

KODI YA MIEZI MINANE

Wapo watakaosema kwamba hesabu hizi ni nzuri kwa mwenye fedha, lakini mwalimu hana Sh. 1,300,000, na bila awamu asingepata makochi kamwe. Hoja hii ina uzito na inastahili kujibiwa kwa tarakimu.

Mwalimu huyu, siku anayoingia dukani, anazo Sh. 510,000. Bila hizo asingeweza kusaini. Vilevile ana uwezo wa kutenga Sh. 106,500 kila mwezi, maana bila huo atashindwa mkataba. Kwa hiyo asiye na fedha za makochi, kwa kweli, ana karibu asilimia 40 ya bei tayari na nidhamu ya kutafuta iliyobaki. Swali ni moja tu: fedha hizo azipeleke dukani au azidundulize mwenyewe?

Akizidunduliza, anahitaji kuongeza Sh. 790,000. Kwa Sh. 106,500 kwa mwezi, katika mwezi wa 7 atakuwa amebakiza kidogo, na mwezi wa 8 atakuwa na Sh. 1,362,000. Atanunua makochi yaleyale kwa taslimu na kubakiwa na Sh. 62,000. Akiendelea kuweka kiasi kilekile hadi mwezi wa 12, siku ambayo jirani yake wa awamu anatuma rejesho la mwisho, yeye atakuwa na makochi na Sh. 488,000 mkononi. Huo ni mtaji wa mradi mdogo.

Kwa hiyo alichokinunua mteja wa awamu kwa Sh. 488,000 si makochi. Makochi wote wawili wanayo. Alichokinunua ni kukalia makochi miezi minane mapema. Ukigawa, ni Sh. 61,000 kwa mwezi. Hii ndiyo kodi ya makochi. Na hapo ndipo kila familia inaweza kuamua yenyewe bila kuhitaji mtaalamu. Je, kuwa na makochi sebuleni kuanzia leo, badala ya mkeka na viti vya plastiki kwa miezi minane, kuna thamani ya Sh. 61,000 kila mwezi? Wapo watakaosema ndiyo, na ni haki yao. Lakini wengi wanaosaini hawajawahi kuulizwa swali hilo.

Hofu nyingine ni kupanda kwa bei. Mnunuzi anasema akisubiri, bei itamkimbia. Hofu hii ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumuko wa bei nchini Tanzania ulizidi asilimia 20 kwa mwaka, na aliyeweka fedha chini ya godoro aliziona zikiyeyuka. Wakati ule kuchukua kitu leo na kulipa kwa shilingi za kesho kulikuwa na busara yake. Lakini mwaka 2023 na mwaka 2024 mfumuko wa bei nchini ulikuwa chini ya asilimia 5. Katika mfano wa mwalimu, hata bei ya makochi ikipanda kwa Sh. 62,000, bado atanunua mwezi uleule wa 8. Ikipanda kwa asilimia 10, atanunua mwezi wa 9. Ili awamu imlipe, ingebidi bei ya makochi ipande kwa Sh. 488,000, yaani zaidi ya theluthi moja, katika muda huo mfupi. Mazoea yaliyozaliwa katika mfumuko mkubwa yamebaki ingawa mfumuko wenyewe umeondoka.

Ugumu halisi wa kudunduliza si bei. Ni shida za nyumbani: ugonjwa, msiba, ada ya shule. Fedha iliyo karibu huombwa. Hapa ndipo mchezo wa upatu unapofanya kazi ambayo duka la awamu hulifanya kwa gharama kubwa. Walimu 10 wakichanga Sh. 80,000 kila mmoja kwa mwezi, anayepokea hupata Sh. 800,000. Mwalimu mwenye Sh. 510,000 zake akipokea zamu yake, anakuwa na Sh. 1,310,000 na ananunua kwa taslimu. Kwa miezi 10 atakuwa amechangia Sh. 800,000 zilezile alizopokea, bila nyongeza yoyote. Hatari ya upatu inajulikana: aliyepokea mapema anaweza kuhama au kugoma. Kwa hiyo hufaa kwa watu wa ofisi moja, wanaolipwa siku moja na wanaojuana hadi nyumbani.

Anayeshindwa kabisa kusubiri na ambaye ni mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa mahali pa kazi, naye afanye hesabu kabla ya kwenda dukani. Chama kikitoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye baki la deni, mkopo wa Sh. 790,000 kwa miezi 12 utamgharimu riba ya kama Sh. 79,000. Anaingia dukani na fedha taslimu, anapata punguzo, na siku hiyohiyo makochi yapo nyumbani. Hakusubiri hata siku moja, na gharama yake ni chini ya moja ya tano ya ile ya duka.

MALI NI YA NANI?

Kuna tofauti nyingine ambayo haionekani katika jumla ya fedha. Anayenunua kwa taslimu ni mwenye mali tangu dakika ile. Anayenunua kwa awamu, katika mikataba mingi ya namna hii, amekodishwa hadi rejesho la mwisho. Ndiyo maana kwa sheria huitwa ununuzi wa kukodi. Makochi yamo sebuleni kwake, watoto wanayarukia, sponji inalegea, lakini kwa karatasi mwenye mali bado ni duka.

Maana ya jambo hili huonekana mambo yakiharibika. Mwalimu amelipa kianzio, fomu, bima na marejesho sita. Hadi hapo zimemtoka Sh. 1,149,000, karibu sawa na bei nzima ya taslimu. Mwezi wa saba anapata matatizo na kushindwa kulipa. Kama mkataba unasema duka linaweza kuchukua mali baada ya marejesho mawili kupita, gari dogo la mizigo linaweza kusimama mlangoni mbele ya majirani. Fedha alizokwishalipa huhesabiwa kuwa kodi ya matumizi. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, waliyaona haya mapema.

Nchi kadhaa ziliona hatari hii zamani na kuweka kizuizi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1938 baada ya malalamiko ya mali kunyang'anywa zikiwa zimebakiza malipo kidogo. Jirani Kenya ina Sheria ya Ununuzi wa Kukodi, Sura ya 507. Chini yake, theluthi mbili ya bei ya awamu ikishalipwa, muuzaji hawezi kuichukua mali kwa nguvu zake. Lazima aende mahakamani. Sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji amweleze mnunuzi bei ya taslimu kwa maandishi kabla ya mkataba. Kwa kipimo hicho cha theluthi mbili, mnunuzi wa mfano huu angefikia ulinzi kwa rejesho la 7. Ni rejesho moja tu baada ya pale alipokwama, jambo linaloonyesha kwamba hata sheria nzuri haimfikii kila mtu kwa wakati.

Kwa sababu hiyo kipengele cha kwanza cha kusomwa katika mkataba si kile cha rejesho. Ni kile kinachosema nini hutokea likichelewa. Kuna faini ya kuchelewa? Ni ya siku au ya mwezi? Mshahara ukichelewa mara tatu kwa mwaka na faini ni Sh. 10,000, hizo ni Sh. 30,000 nyingine juu ya Sh. 488,000. Kipengele cha pili ni cha kumaliza mapema. Kama mwalimu akipata fedha mwezi wa sita na kutaka kumaliza deni lote, je, ongezeko linapungua? Katika mikataba ambayo ongezeko limejumlishwa tangu mwanzo, jibu linaweza kuwa hapana, na hapo hakuna faida ya kuwahi.

"BILA RIBA"

Mtego ulio mtamu zaidi ni tangazo la awamu bila riba. Makochi ya Sh. 1,500,000, kianzio Sh. 500,000, marejesho matano ya Sh. 200,000. Jumla ni Sh. 1,500,000 kamili, na mnunuzi anaona ameshinda.

Kipimo chake ni swali moja ambalo linafaa kuulizwa kabla ya kutamka neno awamu: "Kama nina fedha zote leo, mwisho ni ngapi?" Muuzaji akijibu Sh. 1,300,000, basi riba ipo na ni Sh. 200,000. Mnunuzi amekopeshwa Sh. 800,000 na atarudisha Sh. 1,000,000 kwa miezi mitano. Robo nzima ya mkopo ni riba, ila imefichwa ndani ya bei. Muuzaji akishikilia kwamba hata kwa taslimu ni Sh. 1,500,000, na maduka mengine pamoja na mafundi wa Keko wakawa na bei hiyohiyo kwa kitu cha ubora uleule, hapo tu ndipo neno "bila riba" ni la kweli, na mnunuzi asisite kusaini.

Maneno "ubora uleule" yasirukwe. Seti mbili zinaweza kufanana kwa kitambaa na kutofautiana kwa kila kitu kingine. Fremu ya mninga si sawa na ya msonobari, na mbao mbichi iliyofungwa kabla ya kukauka hupasuka na kulegea viungoni baada ya miezi michache. Sponji nyepesi hubonyea na kubaki na shimo. Mnunuzi ageuze kochi juu chini, aangalie mbao chini ya kitambaa, alikalie kwa dakika kadhaa, aliinue kwa pembe moja aone kama linapinda. Mambo haya humhusu mteja wa awamu zaidi ya wa taslimu, kwa kuwa yeye anaweza kujikuta akilipa rejesho la 10 la makochi yaliyokwishabonyea.

Taslimu nayo ina hatari yake, hasa kwa anayeagiza kwa fundi. Fundi huomba nusu ya fedha anunue mbao, kisha kazi ya wiki mbili inakwenda miezi miwili. Anayeagiza alipe kwa hatua zinazoonekana: fungu la kwanza la mbao, la pili fremu ikiwa imesimama naye ameiona kabla haijavikwa kitambaa, la mwisho siku ya kuchukua. Hizo nazo ni awamu, ila ni awamu zinazomlinda mnunuzi badala ya kumgharimu.

AWAMU HUFAA WAPI?

Ipo hali ambayo kununua samani kwa awamu ni uamuzi mzuri wa biashara, nayo ni pale samani zinapoingiza fedha. Mwenye gesti anayepungukiwa vitanda katika vyumba viwili anapoteza wageni kila usiku. Akivichukua kwa bei na masharti yaleyale ya mfano huu, kuwahi kwa miezi minane kunamgharimu Sh. 61,000 kwa mwezi. Kama vyumba hivyo viwili, baada ya kutoa gharama za ufuaji, umeme na mhudumu, vinamwachia zaidi ya hapo, basi kusubiri ndiko kungekuwa hasara. Hali ni hiyohiyo kwa mama lishe anayehitaji meza na viti vya wateja ambao sasa wanaondoka kwa kukosa pa kukaa. Kipimo ni kilekile cha Sh. 61,000, kilichobadilika ni kwamba kuna kitu cha kukilipia.

Ni haki pia kusema neno upande wa wenye maduka. Nao hufanya biashara kwa mtaji wa mkopo, huajiri watu wa kufuatilia madeni, na hupoteza mali kwa wateja wanaohama usiku. Anayelipa vizuri hulipia pia asiyelipa. Gharama hizo ni za kweli, na hakuna anayewataka wauze kwa hasara. Linalodaiwa ni dogo zaidi: bei zote mbili ziandikwe. Kibandiko kiwe na bei ya mwisho ya taslimu, na chini yake jumla ya fedha zote za awamu pamoja na fomu, bima na kila makato. Duka lenye masharti mazuri halina la kuogopa katika hilo. Litapata wateja zaidi.

Hadi siku hiyo itakapofika, mnunuzi aandike mwenyewe. Kipande cha karatasi na mistari minne vinatosha: bei ya taslimu baada ya kupunguziwa, fedha zote za siku ya kwanza, rejesho pamoja na makato likizidishwa kwa idadi ya miezi, na jumla ya mistari hiyo miwili ya mwisho. Kisha atoe mstari wa kwanza katika jumla. Jibu atakalolipata ndilo bei ya haraka yake. Mwalimu wa Temeke angeandika Sh. 488,000, na pengine angerudi nyumbani kukaa juu ya mkeka kwa miezi minane zaidi.